Dondoo muhimu: Mweleze mwanao kwanza, ndipo uandike

Mama mmoja anayesoma uuguzi jioni alikuta kitabuni: "Upungufu wa madini ya chuma hupunguza uwezo wa damu kusafirisha oksijeni." Akaiandika kwa maneno yake: "Ukosefu wa madini ya chuma hushusha uwezo wa damu kubeba oksijeni." Mwalimu akaikataa: maneno yamebadilika, sentensi ni ileile.

Usiku, wakichambua maharage, akawaeleza wanawe. Mdogo akauliza, "Kwani chuma kinafanya nini kwenye damu?" Akajibu: "Damu hubeba hewa tunayovuta kwa msaada wa chuma. Kikipungua, mwili haupati hewa ya kutosha, mtu anachoka." Hapo akapata sentensi yake.

Ukitaka kufanya hivyo:

- Soma aya moja, funga kitabu, kisha eleza kwa sauti. Ukikwama, hujaielewa, irudie.
- Andika ulichosema papo hapo, kabla ya kufungua kitabu.
- Linganisha. Rudisha istilahi sahihi: "hewa" iwe "oksijeni". Ondoa ulichoongeza, kama uchovu, ikiwa kitabu hakikusema.
- Taja mwandishi na mwaka. Maneno ni yako, wazo ni lake.