Kurekodi Somo la Skrini: Safisha, Onyesha, Kisha Sema



Muhula uliopita niliombwa kuwaandalia wanafunzi wa mwaka wa kwanza video fupi ya kuwafundisha Excel. Nilirekodi usiku, nikaituma kwenye kundi la darasa bila kuitazama. Asubuhi rafiki yangu alinijia kimya kimya. Katikati ya somo, pembeni mwa skrini, ulikuwa umejitokeza ujumbe wake wa WhatsApp akiniomba nimkopeshe pesa ya ada ili aruhusiwe kufanya mtihani. Ulikaa hapo sekunde chache tu, lakini darasa zima liliusoma. Niliifuta video kwenye kundi, ila waliokwisha kuipakua walibaki nayo. Niliomba radhi, naye akanisamehe. Tangu siku hiyo nilijifunza kurekodi kwa utaratibu, na ndio ninaotaka kuueleza hapa.

Kwa nini usafi huja kwanza

Mimi natumia OBS Studio, programu ya bure. Ina njia mbili za kuchukua skrini. *Window Capture* huchukua dirisha la programu moja tu, na *Display Capture* huchukua skrini nzima. Ungedhani ya kwanza ni salama zaidi, na kweli ni salama. Tatizo ni kwamba duara la rangi linalofuata kishale cha kipanya huchorwa juu ya skrini nje ya dirisha la Excel, hivyo ukitumia *Window Capture* wewe utaliona na mtazamaji hataliona. Ukitaka kishale kionekane vizuri, itakubidi uchukue skrini nzima, na skrini nzima inabeba kila kitu kinachojitokeza juu yake.

Dawa niliyoiona bora ni kufungua akaunti ya pili kwenye kompyuta, kwa ajili ya kurekodi tu. Haina WhatsApp, haina barua pepe, wala kivinjari chake hakikumbuki kurasa ulizotembelea. Kama huwezi, fanya haya kabla ya kurekodi: washa *Do not disturb*, funga WhatsApp na kivinjari kabisa badala ya kuvishusha chini, kisha bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya eneo tupu la skrini, chagua *View*, na uondoe alama kwenye *Show desktop icons*. Aikoni zote hufichika bila kufutwa. Majina ya mafaili nayo husema mengi. Barua ya maombi ya kazi au matokeo ya hospitali hayana haja ya kuonekana darasani. Hata jedwali la mfano nilijaza "Mwanafunzi 1" na "Mwanafunzi 2", si majina ya watu.

Kishale na ukubwa wa maandishi

Duara la kishale nalipata kwa PowerToys, programu ya bure ya Microsoft. Ndani yake washa *Mouse Highlighter*, kisha ukibonyeza `Win+Shift+H` kila unapobofya hutokea duara la njano. Sogeza kishale kwa mstari mmoja hadi unapokwenda, ukitulize, ndipo ubofye. Wengi wetu tuna tabia ya kukizungusha huku tukiongea, na mtazamaji hukifuata akidhani kuna jambo.

Baada ya kishale ni maandishi. Wenzetu wengi watatazama kwa simu, tena wakiwa wameishika wima. Skrini ya kompyuta yangu ina upana wa sentimita 34 hivi, na video kwenye simu iliyo wima ina upana wa sentimita 7. Kila kitu kinapungua karibu mara tano: herufi ya milimita 3 inakuwa na milimita 0.6, na hiyo haisomeki. Kwa hiyo napandisha *Zoom* ya Excel hadi asilimia 200 na kubakiza safu zinazohusika tu. Jedwali lote halitaonekana, lakini somo halihitaji jedwali lote.

Kusema kwa mwendo mmoja

Somo langu lilikuwa kupata wastani wa majaribio matatu. Alama ziko B2, C2 na D2: 60, 72 na 54. Fomula ni hii:

```
=AVERAGE(B2:D2)
```

Mara ya kwanza nilisema, "Halafu unabofya hapa, unaandika hivi, unapata jibu." Aliyetazama kwa simu hakujua "hapa" ni wapi. Sasa naandika maneno yote kwanza, na kila hatua ina mpangilio uleule: nataja mahali, nasogeza kishale, nabofya, nanyamaza kama sekunde mbili. Hivi:

"Nenda seli ya E2, kulia kwa alama ya jaribio la tatu." Nasogeza, nabofya, kimya.

"Andika alama ya sawasawa, neno AVERAGE, kisha fungua mabano." Naandika polepole, kimya.

"Chagua kuanzia B2 mpaka D2, funga mabano, bonyeza Enter. Umepata 62." Kimya.

"Rudi E2. Kwenye pembe ya chini kulia kuna kijisanduku kidogo. Kishike, ukivute chini hadi mwanafunzi wa mwisho."

Ule ukimya ndio unaompa mtazamaji nafasi ya kusimamisha video na kufanya kwenye kompyuta yake. Ukikosea usianze upya. Kaa kimya, piga kofi moja, rudisha kazi nyuma kwa `Ctrl+Z`, kisha sema tena sentensi nzima tangu mwanzo. Wakati wa kuhariri, kofi litaonekana kama mnara kwenye mchoro wa sauti, nawe utajua pa kukata.

Sauti nachukua kwa maikrofoni ya spika za masikioni, shubiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili pumzi isiigonge. Kipimo cha OBS kinapaswa kucheza kwenye njano. Kikigusa nyekundu mara kwa mara, punguza. Hosteli yetu hapa Kampala huwa na utulivu baada ya swala ya alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza kupita. Godoro lililoegemezwa ukutani nyuma yako hupunguza mwangwi.

Ukirekodi simu

Simu za Android 11 na kuendelea nyingi zina kirekodi chake. Kabla ya kuanza, kitakuuliza kama uonyeshe miguso kwenye skrini. Kubali, na kila unapogusa patatokea alama. Washa hali ya kutosumbuliwa. Kama somo linahusu pesa za simu, simamisha kurekodi kabla ya kuandika namba ya siri, maana alama zilezile za miguso zitaonyesha vidole vyako vimepita wapi.

Kabla ya kutuma

Natazama video mara mbili. Mara ya kwanza kwa simu, sauti ikiwa imezimwa: je, herufi zinasomeka, kishale kinafuatika, kuna kisichostahili kuonekana? Hapo naangalia kingo za skrini kuliko katikati, kwa sababu arifa hujitokeza kingoni. Mara ya pili nasikiliza bila kutazama, kompyuta nyingine ikiwa mbele yangu, nikifanya ninayoambiwa. Nikikwama, sentensi hiyo narekodi upya.

Somo la dakika 4 hunichukua karibu saa moja kwa utaratibu huu. Rafiki yangu yule sasa ndiye mtazamaji wangu wa kwanza, na hakuna video inayotoka kabla hajaiona.