Meseji ya mkopo kwa herufi 160, pamoja na mlango wa kutokea

Tuseme uko kwenye ofisi ndogo ya mikopo pale Mai Mahiu. Una wateja 600: wauza mboga wa kando ya barabara, watu wa bodaboda, wafugaji wa upande wa Longonot. Mkopo mpya wa ng'ombe wa maziwa umepitishwa na meneja anataka kila mteja apate meseji Jumatatu asubuhi. Wengi wetu tungeandika hivi:

> Habari mpendwa mteja wetu! Tunayo furaha kukutangazia kuwa ofisi yetu ya Mai Mahiu sasa inatoa mkopo wa ng’ombe wa maziwa kwa riba nafuu. Tembelea ofisi yetu leo au utupigie simu kwa maelezo zaidi. Karibuni nyote!

Inasomeka vizuri, lakini ina shida tatu. Ni ghali kuliko unavyodhani, haimwambii mteja kitu anachoweza kupigia hesabu, na asiyeitaka hana njia ya kukataa.

Hesabu ya herufi

Meseji moja ya kawaida inabeba herufi 160. Nafasi kati ya maneno inahesabiwa, koma na nukta pia. Ukizidisha hata herufi moja, mtambo unaikata meseji vipande, na kila kipande sasa kinabeba 153 tu, kwa sababu nafasi kidogo inatumika kuiambia simu jinsi ya kuviunganisha tena. Mteja anaona meseji moja, lakini wewe unalipia kila kipande.

Meseji yetu ina herufi 213, kwa hivyo ungetarajia vipande 2. Lakini angalia vizuri neno «ng’ombe». Alama iliyo katikati imejipinda, na baadhi ya simu na kompyuta huipinda zenyewe unapoandika. Alama hiyo haimo kwenye orodha ya herufi za kawaida za meseji. Ikiingia hata mara moja, meseji yote inahamia kwenye mfumo mwingine wenye herufi 70 tu, na ikikatwa kila kipande kinabeba 67. Herufi 213 zinakuwa vipande 4.

Kwa wateja 600 hiyo ni tofauti ya vipande 1,200 na vipande 2,400. Kama unalipa shilingi moja kwa kipande, alama moja iliyopinda imekula shilingi 1,200 zaidi. Dawa ni kuandika alama iliyonyooka: ng'ombe.

Emoji huleta balaa hiyo hiyo. Hata ũ na ĩ za Kikuyu hazimo kwenye orodha ya kawaida. Ukiamua kuwaandikia wateja kwa Kikuyu, ama uziandike u na i bila alama ya juu, au ukubali mapema kwamba una herufi 70.

Ukiandikia meseji kwenye Excel, weka maneno kwenye A2 na pembeni uandike:

```
=LEN(A2)
```

Itakupa idadi ya herufi, lakini haitakuonya kuhusu alama iliyopinda. Hiyo itafute kwa macho.

Anza na mlango wa kutokea

Kosa la kawaida ni kuandika tangazo kwanza, kisha kutafuta pa kubandika maneno ya kujitoa. Nafasi inakuwa imeisha, na mtu anaandika «STOP» peke yake mwishoni, bila kusema itumwe wapi. Fanya kinyume. Andika kwanza sehemu hii:

> Hutaki matangazo? Tuma STOP kwa 2xxxx, bure.

Hizo ni herufi 44, na nafasi moja mbele yake inafanya 45. Tangazo lenyewe linabaki na 115. Mahali pa 2xxxx weka namba fupi uliyokodisha kwa kampuni inayokutumia meseji.

Kwa nini namba, isiwe «Jibu STOP»? Kwa sababu meseji za ofisi kwa kawaida hutoka kwa jina la mtumaji, lile la herufi zisizozidi 11 linaloonekana juu badala ya namba. Jina hilo halijibiwi. Mteja akiandika STOP na kubonyeza tuma, haifiki popote, na wiki ijayo anapata tangazo lingine. Pia utaona matangazo mengi yakiishia na *456*9*5#. Hiyo ni ya laini za Safaricom. Mteja wako wa Airtel haimsaidii, kwa hivyo usiitegemee peke yake.

Sheria pia inadai jambo hili. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kanuni za mwaka 2021 zinataka maelezo ya kujitoa yaonekane na yaeleweke, kujitoa kusichukue muda wala juhudi nyingi, na kuwe bure au kwa gharama ndogo tu.

Sasa tangazo lenyewe

Salamu ndefu itoke. Jina la ofisi tayari liko juu kwenye jina la mtumaji. «Riba nafuu» itoke pia, badala yake weka pesa anayopata na pesa anayorudisha:

> Mkopo wa ng'ombe Mai Mahiu: unapata 60,000, unarudisha 6,000 kwa mwezi x 12 (jumla 72,000). Njoo ofisini hadi Ijumaa. Hutaki matangazo? Tuma STOP kwa 2xxxx, bure.

Hesabu: 162. Tumezidi kwa mbili tu, na hizo mbili zinageuza meseji 600 kuwa vipande 1,200. Usiguse maneno ya kujitoa. Badilisha «kwa mwezi x 12» iwe «x miezi 12»:

> Mkopo wa ng'ombe Mai Mahiu: unapata 60,000, unarudisha 6,000 x miezi 12 (jumla 72,000). Njoo ofisini hadi Ijumaa. Hutaki matangazo? Tuma STOP kwa 2xxxx, bure.

Sasa ni 158, kipande kimoja. Hapa jina la mteja halina nafasi. Siku utakapoandika meseji yenye jina, hesabu kwa kutumia jina refu kuliko yote kwenye orodha, sio la kwanza.

Baada ya STOP

Kabla ya Jumatatu, jitumie meseji kwenye laini yako na ya mwenzako wa mtandao mwingine. Tuma STOP, kisha tuma «stop» kwa herufi ndogo, na «Acha», kwa sababu watu wataandika hivyo. Angalia kama namba zimetoka kwenye orodha kweli, halafu tuma jaribio la pili. Likifika tena, mlango wako ni wa kuchorwa tu ukutani.

Muhimu zaidi: weka orodha mbili. Moja ni ya matangazo, nyingine ni ya habari za akaunti, kama tarehe ya kulipa na risiti. STOP imtoe mteja kwenye ya kwanza pekee, na umwambie hivyo kwa jibu fupi: «Umetoka kwenye matangazo. Habari za mkopo wako zitaendelea kukufikia.»

Mteja aliyechoshwa na matangazo na asiyeona njia ya kutoka hufanya jambo moja: anablock jina la mtumaji. Hapo amefunga kila kitu. Wakazi wa Mai Mahiu wanakumbuka alfajiri ya 29 Aprili 2024, maji yaliposhuka Kamuchiri na kusomba nyumba na watu. Asubuhi kama hiyo, ofisi ya mikopo ina meseji moja ya kutuma: malipo ya wiki hii yamesimamishwa, usihangaike. Aliyekublock mwezi uliopita kwa sababu ya mkopo wa ng'ombe hataipata.