Kuchagua Mfululizo wa Kulinganishia: Jinsi Jaribio la Ulinganishi Linavyofanya Kazi na Mahali Linapokwama

Mfululizo ni jumla ya namba zisizo na mwisho zinazopangwa kwa kanuni moja, na kila namba inayojumlishwa huitwa kipengele chake. Kwa kuwa hakuna awezaye kujumlisha bila kukoma, wanahisabati huzitazama jumla za hatua, yaani jumla ya vipengele viwili vya kwanza, kisha vitatu, kisha vinne na kuendelea, wakauliza kama jumla hizo zinakaribia namba moja maalumu. Zikiikaribia, mfululizo husemwa una kikomo. Zisipokaribia namba yoyote, hauna. Jaribio la ulinganishi hulijibu swali hilo bila kuitafuta jumla yenyewe, kwa kuuweka mfululizo usiojulikana kando ya mwingine ambao hali yake imekwisha kuthibitishwa.

Sharti la kwanza ni kwamba vipengele vyote visiwe hasi. Vipengele vya namna hiyo huzifanya jumla za hatua zipande tu au zibaki zilipo, na jumla zinazopanda huku zimewekewa dari haziwezi kufanya jingine ila kukaribia kikomo. Hapo ndipo kanuni inapopata nguvu: ikiwa kila kipengele cha mfululizo hakizidi kipengele mwenzake cha mfululizo wenye kikomo, nao una kikomo, na ikiwa hakipungui kipengele mwenzake cha mfululizo usio na kikomo, nao hauna. Sharti hilo likivunjwa kanuni huanguka mara moja, kwa maana −1/n daima ni ndogo kuliko 1/n², na mfululizo wa 1/n² una kikomo, lakini ule wa −1/n hushuka bila kukoma.

Mifululizo inayotumika zaidi kama kipimo ni ile ya 1/n^p, ambayo ina kikomo pale p inapozidi 1 na haina kikomo p inapokuwa 1 au chini yake. Mfano wa p = 1, yaani 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 na kuendelea, ulithibitishwa na Nicole Oresme wa Ufaransa katika karne ya 14, na uthibitisho wake wenyewe ni ulinganishi: 1/3 na 1/4 kwa pamoja huzidi 1/2, vipengele vinne vinavyofuata navyo huzidi 1/2, kisha vinane vinavyofuata vivyo hivyo, hata jumla ikazipita nusu nyingi kadiri mtu atakavyo.

Ugumu wa jaribio hili hauko katika kanuni, bali katika kuuchagua mfululizo wa kulinganishia na kuujua upande wa kulinganisha. Uchukuliwe mfululizo ambao kipengele chake cha n ni

(2n + 3) / (n³ − n + 5)

ukianzia n = 1. Hatua ya kwanza ni kukisia: n inapokuwa kubwa sana, 3 ya juu na −n + 5 ya chini hazina uzito, sehemu hiyo hukaribiana na 2n/n³, yaani 2/n², na kwa hiyo inatarajiwa kwamba mfululizo una kikomo. Wanafunzi wengi huishia hapo na kuandika kwamba kipengele hicho ni kidogo kuliko 2/n². Hesabu ya n = 10 yatosha kuonyesha kwamba sivyo: 23/995 ni takriban 0.0231, ilhali 2/100 ni 0.02. Sababu ni kwamba kiasi, yaani namba ya juu, kimeongezwa 3, na asili, yaani namba ya chini, imepungua kila n inapozidi 5, na mabadiliko yote mawili huikuza sehemu. Kusema kwamba kipengele kinazidi 2/n² ni kweli kuanzia n = 2, lakini hakufai kitu, kama vile anayeambiwa kwamba gunia lina uzito unaozidi kilo 50 asivyoweza kujua kama linafika kilo 100.

Dawa ya tatizo hili ni kukubali dari iliyo juu zaidi. Kwa kuwa n haipungui 1, 3 haizidi 3n, basi kiasi hakizidi 5n. Kwa upande wa asili hutafutwa sakafu, kwa kuwa asili ndogo huleta sehemu kubwa: n³ − n + 5 haipungui n³/2, kwani n inapokuwa 2 au zaidi n³/2 huizidi n, na n inapokuwa 1 asili ni 5, ambayo inaipita 1/2 kwa mbali. Kwa hiyo kipengele hakizidi 5n ÷ (n³/2), yaani 10/n². Namba 10 ni kubwa mno ikilinganishwa na 2 ya makisio, lakini haidhuru, kwa kuwa mfululizo wenye kikomo hubaki nacho hata kila kipengele kikizidishwa mara kumi. Jambo ambalo haliruhusiwi kupotea ni kipeo cha n, si namba inayoizidisha. Ikumbukwe pia kwamba jibu hili halisemi jumla ni ngapi. Kwa 1/n² yenyewe, ilimbidi Leonhard Euler aje na mbinu nyingine kabisa ili kuonyesha kwamba jumla yake ni π²/6.

Pale dari inapochukuliwa bila uangalifu, kipeo hupotea. Katika mfululizo wa (ln n)/n², ambapo ln ni logi asilia, aghalabu hukumbukwa kwanza kwamba ln n ni ndogo kuliko n, na dari inayopatikana ni 1/n, ambayo haina kikomo na kwa hiyo haiamui lolote. Kushindwa huku si ushahidi kwamba mfululizo hauna kikomo. Ni ushahidi kwamba dari ni ya ovyo. Ukweli uleule uliotumika kwa n ukitumiwa kwa √n, yaani kipeuo cha pili cha n, hutoa ln √n < √n, na kwa kuwa ln √n ni nusu ya ln n, hupatikana ln n < 2√n. Sasa kipengele ni kidogo kuliko 2/n^1.5, kipeo kinazidi 1, na mfululizo una kikomo.

Ipo mifululizo ambayo hakuna 1/n^p inayoweza kuiamua. Mfululizo wa 1/(n ln n), ukianzia n = 3, uko chini ya 1/n, ambayo haina kikomo, na hatimaye huwa juu ya kila 1/n^p yenye p inayozidi 1, kwa hiyo kila upande unaojaribiwa ni ule usiofaa. Hapa hurudiwa mbinu ya Oresme: vipengele vyenye n kubwa kuliko 2^k lakini isiyozidi 2^(k+1) ni 2^k kwa idadi, na hakuna kati yake kilicho kidogo kuliko cha mwisho, ambacho ni 1/(2^(k+1) · (k+1) · ln 2). Jumla ya kundi zima basi haipungui 1/(2(k+1) ln 2), na kwa kuwa ln 2 ni ndogo kuliko 1, inazidi 1/(2(k+1)). Makundi yenyewe yameunda nusu ya mfululizo uleule wa 1/n, na mfululizo wa 1/(n ln n) hauna kikomo.