Dondoo muhimu: Picha isiyo na metadata

Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, 20 Septemba 2018, picha zake kikiwa tumbo juu zilisambaa haraka kwa simu. Ukipokea picha kama hizo zisizo na metadata ya siku, saa wala aina ya kamera, usikimbilie kusema ni za kughushi.

1. Soma jina la faili kwanza: `IMG-20180920-WA0007.jpg` ni jina linalowekwa na WhatsApp, na tarehe hiyo si lazima iwe ya kupigwa picha; mara nyingi ni ya kupokelewa.

2. Kumbuka kuwa WhatsApp hubana picha na kufuta metadata ya kamera. Facebook nayo huifuta, na baadhi ya programu za kuhariri huweza kufanya hivyo hata ukipunguza ukubwa tu.

3. Usitafute metadata ya kamera kwenye skrinishoti, haikuwahi kuwamo.

4. Mtafute aliyepiga, awe Bugolora au Mwanza mjini, umwombe faili halisi kwa njia ya "Document", si kama picha ya kawaida. Hapo ndipo `exiftool picha.jpg` itakuwa na cha kusoma.

5. Faili halisi ikikosekana, kagua picha yenyewe: jina ubavuni mwa kivuko, umbo la ufukwe, mwelekeo wa vivuli.

6. Usiamini metadata kwa kuwa tu ipo: saa ya simu huweza kuwa si sahihi, na tarehe huandikwa upya kwa amri moja.

7. Ukishindwa kuthibitisha, andika "haijathibitishwa", usiandike "feki".