SOMO: Kumshukuru Aliyetukopesha, na Kumwambia Tutalipa Lini



Tangu enzi za ukoloni watu wa kwetu wametoka Arua na Koboko kwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi. Mfanyakazi aliye mbali na nyumbani akipatwa na shida, mara nyingi humwendea ndugu au rafiki kabla ya mkopeshaji mwingine. Katika somo hili tunaeleza jinsi ya kumwandikia ndugu huyo baada ya kupokea fedha zake. Tunachukua mfano mmoja ambao ni mgumu kuliko mingine, yaani kukopa kwa shemeji.

Tuseme mwenzetu mmoja ni Mlugbara wa Arua, anakata miwa Kakira. Dada yake ameolewa na Mkakwa wa Koboko ambaye ana duka dogo sokoni. Mwezi Machi mama yao analazwa hospitali ya Arua. Mwenzetu anamwomba shemeji shilingi 300,000, naye anazituma kwa simu siku ile ile. Kwa kuwa mmoja husema Kilugbara na mwingine Kikakwa, wao huandikiana kwa Kiswahili.

Ugumu uko wapi? Kwetu mahari hulipwa kidogo kidogo, pengine miaka mingi baada ya ndoa. Fedha zikitoka kwa mume wa dada kwenda kwa kaka wa mke, bila kuelezwa ni za nini, watu wa nyumbani wanaweza kuzihesabu kuwa ni sehemu ya mahari. Shemeji naye anaweza kuanza kuzihesabu hivyo, akiona miezi inapita kimya. Siku ya kikao cha wazee kila upande utakuwa na hesabu yake, na atakayeumia zaidi ni dada. Kwa hiyo ni lazima deni litajwe kuwa ni deni. Lakini likitajwa vibaya, shemeji ataona kama kwamba wema wake umegeuzwa biashara.

Njia tunayoishauri ni kutenganisha mambo haya mawili. Siku fedha zinapofika, tushukuru tu. Mpango wa kulipa tuuandike baadaye, kabla ya wiki moja kwisha.

Ujumbe wa kwanza uwe hivi:

"Shemeji, salaam. Shilingi 300,000 ulizotuma zimefika. Leo hii tumenunua dawa za mama, na mdogo wangu anayemwuguza wodini amepata fedha ya chakula. Jioni mama amekunywa uji. Umenisaidia siku ambayo sikuwa na mahali pa kwenda. Asante sana, mimi na wazee wote wa nyumbani."

Angalieni kwamba ujumbe huu unataja fedha zilifanya kazi gani. Aliyekopesha hujisikia ameshukuriwa anapojua kwamba dawa zilinunuliwa na uji ulinyweka. Neno "asante" peke yake likirudiwa mara kumi halimwelezi hayo. Angalieni pia kwamba hakuna neno "nitakulipa". Wengi wetu hukimbilia neno hilo kwa sababu ya aibu. Tukisema "asante, usiwe na wasiwasi, nitakulipa", shemeji ambaye hakuwa na wasiwasi wowote atadhani tumemwona kuwa ni mtu wa kuhesabu fedha wakati mgonjwa yuko kitandani.

Kabla ya kuandika ujumbe wa pili, tufanye hesabu. Tuseme mwenzetu akiisha kutoa chakula na mahitaji ya nyumbani hubakiwa na shilingi 65,000 kwa mwezi. Asiahidi 65,000, maana hataweza hata kununua panadoli. Aahidi 50,000, na deni litakwisha kwa mafungu sita. Mwishoni mwa Mei na katika Septemba shule hufungua mihula, na fedha huenda kwenye karo. Basi miezi hiyo miwili aiache tangu mwanzo, kuliko kuahidi na kushindwa. Mshahara wake hutoka tarehe 25, lakini ataje tarehe 30, kwa kuwa mshahara huweza kuchelewa.

Ujumbe wa pili:

"Shemeji, habari za Koboko, dada na watoto hawajambo? Mama ametoka hospitali Ijumaa. Zile shilingi 300,000 ulizonikopesha nitazirudisha kwa mafungu sita ya shilingi 50,000, tarehe 30 ya kila mwezi: Aprili, Juni, Julai, Agosti, Oktoba na Novemba. Mei na Septemba nina karo. Kama kuna mwezi unaohitaji fedha mapema kwa ajili ya bidhaa za duka, uniambie tupange upya."

Neno "ulizonikopesha" ndilo linalozuia mkanganyo wa mahari, nalo halimchukizi mtu. Sentensi ya mwisho inaonyesha kwamba tunakumbuka kuwa fedha hizo ni mtaji wake. Ahadi kama "nikipata nitaleta" haimsaidii mwenye duka kupanga manunuzi. "Mungu akipenda" tunaweza kusema, lakini liandamane na tarehe. Kwa ndugu zetu Waislamu, kuandika deni si dalili ya kutoaminiana: Kurani yenyewe, katika sura ya Al-Baqara, aya ya 282, inaagiza deni la muda maalumu liandikwe.

Pengine shemeji atajibu, "Usijali, utalipa ukipata." Tusilichukue jibu hilo kuwa ni msamaha. Mara nyingi ni adabu tu. Tumjibu, "Asante shemeji, nimesikia, lakini Aprili nitaanza," na Aprili ikifika tuanze. Kama kweli anataka kusamehe deni, atatueleza waziwazi, tena pengine mbele ya dada.

Wakati wa kulipa, tukumbuke ada ya kutoa fedha kwenye simu, ambayo mwaka 2018 serikali iliiongezea kodi. Tukituma 50,000 kamili, shemeji atapokea pungufu mkononi. Tumwongezee ada hiyo. Lakini tusimwahidi riba. Kati ya ndugu ni kumvunjia heshima, na kwa Mwislamu ni haramu. Tukienda likizo Desemba tukampelekea dada sukari na sabuni, hizo ni zawadi, zisipunguzwe katika deni.

Ikiwa mwezi mmoja tumekwama, tumwarifu kabla ya tarehe 30, tukitaja siku mpya. Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Matanga hayo mara nyingi huanza siku ile mdaiwa anapoacha kupokea simu.

Jambo moja la tahadhari. Ikiwa aliyetukopesha ni mzee asiyesoma, ujumbe wake husomwa na mjukuu kwa sauti, na jioni mtaa mzima unajua deni. Kwa mzee kama huyo, shukrani ziandikwe, zisomwe na wote wasikie. Mpango wa kulipa tumpigie simu tumweleze yeye mwenyewe.

Fungu la mwisho likifika Novemba, tuandike mara ya tatu: "Shemeji, leo deni limekwisha. Mama anakusalimu, amepanda maharagwe yake mwenyewe."

ZOEZI
1. Andika ujumbe wa kumshukuru rafiki aliyekukopesha shilingi 120,000 za karo. Usitaje malipo.
2. Hesabu unachobakiwa nacho kila mwezi, kisha andika mpango wa kulipa deni hilo, ukitaja mafungu, tarehe, na miezi utakayoiacha.