Husika na Kichwa cha Habari Hapo Juu

Mwaka jana niliomba fildi kwenye ofisi moja ya ukaguzi wa hesabu. Kimya. Baadaye kaka mmoja wa pale alinionesha kwenye simu yake jinsi barua pepe yangu ilivyotokea. Jina langu, kichwa kilichokatika katikati, halafu kamstari ka kijivu: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwana..." Basi.

Kale kamstari ndiko kanakomfanya msomaji afungue au apitilize, na simu hukachukua kwenye maneno ya kwanza kabisa ya barua yako. Mimi nilikapa kazi ya kumrudisha kwenye kichwa ambacho hata hakionekani chote! Salamu ndefu za "natumaini u mzima" zinakula nafasi hiyohiyo.

Kosa la pili: nilikuwa nimebandika aya zote tano za barua rasmi. Kwenye simu nyingi kiambatisho hukaa chini kabisa, kwa hiyo yule kaka alisukuma kidole mara nne kabla ya kuuona wasifu wangu. Mambo ya aya zile yalikuwa tayari ndani ya wasifu.

Mwaka huu niliandika hivi:

"Habari. Naomba fildi ya wiki 8 kuanzia Julai 20. Nasoma Uhasibu, mwaka wa 2.

Tangazo lenu linataka mtu wa kulinganisha daftari la fedha na taarifa za benki. Nimeifanya kazi hiyo kwa miezi 6 kwenye chama cha kuweka na kukopa cha mtaani kwetu, kwa Excel.

Wasifu wangu wa kurasa 2 nimeuambatisha. Simu: +255..."

Chini, jina kamili. Aya ya kwanza ni ombi na tarehe, maana hilo ndilo linaloingia kwenye kamstari. Aya ya kati ndiyo ngumu. Chagua jambo moja tu lililotajwa kwenye tangazo, useme ulilifanyia wapi. Nilitamani sana kuongeza uongozi wa darasa, nikaufuta; wasifu utausema. Namba ya simu iandike kwa tarakimu, siyo kwenye picha, ili aibonyeze na kupiga papo hapo.

Faili nililiita `CV-Uhasibu-JinaLangu.pdf`. Lile la zamani lilikuwa `CV mpya final 3.docx`, aibu tupu.

Ila tangazo likidai barua rasmi ya maombi, iandike kama PDF ya pili, na barua pepe ibaki fupi vilevile.

Kabla ya kutuma, jitumie mwenyewe, kisha fungua kwenye simu. Ukilazimika kusukuma kidole zaidi ya mara moja kufika kwenye kiambatisho, punguza aya ya kati. Na anwani ya mpokeaji ijaze mwisho kabisa, faili likishapanda. Niliwahi kutuma "nimeambatisha" bila kitu.