Siterne ya maji chini ya udongo: tuchimbe shimo la kipimo gani, na kuta zitakula betoni kiasi gani?

Ndugu washirika, kuna jambo moja linalorudi kila mara siterne inapojengwa kwenye parseli. Mwenye nyumba anataka maji ya meta kibu 10, anachimba shimo la meta kibu 10, kisha kuta zinaingia ndani ya shimo na kula nafasi ya maji. Au shimo liko sawa, lakini katikati ya kazi fundi anasema: « Baba, simenti imeisha. » Mambo hayo mawili yana mzizi mmoja: hesabu ilianzia nje. Siterne inahesabiwa kutoka ndani kwenda nje. Kwanza maji, halafu ukuta, mwishoni shimo.

Tuchukue nyumba ya watu 8 huko Butembo. Kila mtu atumie bidoni moja ya lita 20 kwa siku. Hiyo ni lita 160. Wanataka maji ya kuwafikisha siku 60, maana kwetu mvua inapungua mara nyingi Januari na Februari, tena Juni na Julai. Lita 160 mara 60 ni lita 9.600. Meta kibu moja ni lita 1.000, kwa hiyo tunatafuta siterne ya karibu meta kibu 10.

Ndani tuweke urefu wa meta 2,50, upana wa meta 2,00, na maji yafike kimo cha meta 2,00. Ukizidisha unapata meta kibu 10. Juu ya maji tuache sentimeta 20 za hewa, basi ukuta utakuwa na kimo cha meta 2,20.

Sasa twende kwenye kuta. Tuseme ni betoni yenye ferabeto, unene sentimeta 15. Nje, siterne inakuwa 2,80 kwa 2,30, kwa sababu unene unaongezwa pande zote mbili. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mmoja anapima mzunguko wa nje, meta 10,20, anazidisha na unene na kimo, anapata 3,37 m³. Mwingine anapima mzunguko wa ndani, meta 9,00, anapata 2,97 m³. Wote wawili wamekosea, na kosa liko kwenye pembe nne: wa kwanza amehesabu kila pembe mara mbili, wa pili hakuzihesabu hata kidogo. Pimeni katikati ya unene wa ukuta. Mzunguko wa katikati ni 2,65 + 2,15 + 2,65 + 2,15, yaani meta 9,60.

```
9,60 × 0,15 × 2,20 = 3,17 m³
```

Kama mna shaka, hakikisheni kwa njia nyingine: eneo la nje (2,80 × 2,30 = 6,44) mtoe eneo la ndani (2,50 × 2,00 = 5,00), inabaki 1,44; mzidishe na 2,20. Jibu ni lilelile 3,17. Kwa betoni ya kilo 350 za simenti katika kila meta kibu, yaani mifuko 7 ya kilo 50, kuta peke yake zinaomba mifuko 22 na kidogo, tuseme 23. Sakafu ya sentimeta 15 ni 0,97 m³, mifuko 7. Dali ya juu ya sentimeta 12, ukitoa mlango wa kuingilia wa 60 kwa 60, ni 0,73 m³, karibu mifuko 5 na kidogo. Ongezeni mifuko miwili au mitatu kwa betoni inayomwagika. Ferabeto zipangwe na fundi anayejua kazi hiyo. Hilo ni somo lake peke yake.

Plasta nayo musiisahau, maana inakula maji. Plasta ya sentimeta 2 kwenye kuta na sakafu inafanya ndani ibaki 2,46 kwa 1,96, na kimo cha maji 1,98. Zidisheni: mtapata lita 9.547. Zaidi ya lita 450 zimekwisha, karibu maji ya siku tatu, na tumeshuka chini ya zile 9.600. Dawa yake ni rahisi: bomba la kutolea maji yanayozidi liwekwe kwenye meta 2,05 juu ya sakafu iliyokwisha kupigwa plasta. Siterne itashika lita 9.880 hivi, na hewa bado itabaki juu.

Sasa shimo. Chini kabisa kuna tabaka jembamba la betoni ya usafi, sentimeta 5. Juu yake sakafu 15, ukuta 220, dali 12. Jumla ni meta 2,52. Lakini dali isilale sawa na udongo, vinginevyo maji machafu ya uwanja yataingia. Tuinyanyue sentimeta 20 juu ya ardhi. Kina cha shimo kinabaki meta 2,32.

Kama udongo ni ule mwekundu mgumu unaosimama wenyewe, betoni inaweza kumwagwa moja kwa moja ikiegemea udongo, na kofraji iwekwe upande wa ndani tu. Upande wa nje mtaihitaji kwa zile sentimeta 8 za ukuta zinazotokeza juu ya ardhi. Shimo ni 2,80 × 2,30 × 2,32, yaani karibu 15 m³. Kama udongo unamong'onyoka, lazima kuacha sentimeta 50 kila upande ili fundi asimame na kufunga kofraji ya nje. Shimo linakuwa 3,80 × 3,30 × 2,32, yaani 29 m³. Ni karibu mara mbili, kwa siterne ileile! Kwa hiyo msipatane bei na wachimbaji kabla ya kuujua udongo wenu.

Njia ya kwanza ina mtego wake. Wachimbaji wakizidisha sentimeta 3 tu kwenye kila upande, betoni itajaza hiyo nafasi: 10,20 × 2,12 × 0,03 ni 0,65 m³, yaani mifuko minne na nusu ya simenti iliyopotea kwenye udongo. Kateni fito mbili, moja ya 2,80 na nyingine ya 2,30. Zipitisheni juu, katikati na chini ya shimo kadiri linavyoshuka. Pembe mpaka pembe, kamba ipime 3,62 pande zote mbili; ikitofautiana, shimo limepinda.

Udongo ukitoka unavimba. Zile 15 m³ zinaweza kuwa 19 au 20 zikiwa rundo, kwa hiyo tafuteni mahali pake mapema. Rundo likae angalau meta moja mbali na ukingo, kwa sababu uzito wake unasukuma ukuta wa shimo. Mkiona ufa juu unaofuata ukingo, au mabonge madogo yanaanguka yenyewe, watu watoke mara moja, na wasirudi kabla ya kuegemeza mbao. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi shimo likaguliwe kutoka juu kwanza.

Na kule bondeni, ambako maji yanachuruzika ndani ya shimo, msijenge siterne hii. Betoni yake ina uzito wa tani 12 hivi, lakini maji ya ardhini yakipanda mpaka juu yanaisukuma kwa nguvu ya tani 14 na nusu. Ikiwa tupu inaweza kunyanyuka, na mabomba yakakatika. Pandeni kwenye mteremko, mahali ambapo shimo linabaki kavu hata wakati wa mvua.